Mifuko Minane Chini ya Sakafu

Mfuko wa saruji ukishachanganywa na maji haurudi dukani. Unga ule wa kijivu hauyeyuki kama chumvi, wala haukauki kama tope. Unaungana na maji na kuwa kitu kingine, na ndani ya saa moja au mbili unaanza kushika. Ukiuongezea maji ili ulainike tena, unalainika kweli, lakini nguvu yake imepungua na hakuna wa kuirudisha. Mbao ukiikata vibaya unaweza kuitafutia kazi nyingine. Msumari ukipinda unanyooshwa. Zege ukilimwaga mahali pasipo pake, dawa yake ni nyundo tu.

Nimekuwa nikilifikiria jambo hili tangu mwaka nilipokuwa saidia fundi Ifakara, nikisubiri matokeo ya kidato cha nne. Swali lenyewe ni jepesi kulitamka na gumu kulijibu: mtu akipoteza mali ya mwenzake bila kuichukua, bila kupata faida yoyote, na bila mtu yeyote kuona, je, amemdhulumu? Sheria haina haraka na mtu wa namna hiyo. Mtaani tunamwita mzembe tunaendelea na safari. Lakini fundi aliyenifundisha kazi hakukubaliana na neno hilo, na sababu zake hakunieleza kwa mdomo. Alinieleza kwa futi, kamba na fimbo.

Nianze na namna kazi inavyopangwa, maana swali lote limekaa hapo. Katika nyumba nyingi za kawaida za kwetu, mwenye nyumba hununua vifaa mwenyewe na fundi hulipwa ufundi tu. Wanakubaliana bei ya msingi, bei ya kuta, bei ya jamvi, kila hatua na bei yake. Mpangilio huu unampendeza mwenye nyumba kwa sababu saruji iko mikononi mwake na ufunguo wa stoo anakaa nao yeye. Lakini una tundu moja. Anayepima si anayelipa. Fundi akila mifuko 30 mahali pa mifuko 25, malipo yake hayapungui hata shilingi. Akitumia nusu siku kupima tena alichokwisha kupima, nusu siku hiyo ni yake, hakuna anayemlipa. Ukipiga hesabu ya tumbo peke yake, fundi wa ufundi tu hana sababu ya kupima mara mbili.

Nyumba ninayoisimulia ilikuwa kando ya barabara ya kwenda Mlimba. Mwenye nyumba alikuwa mama mmoja anayenunua na kuuza mchele. Kuta za matofali ya kuchoma zilikuwa zimeshafika juu na bati limeshaezekwa, kama wengi wanavyofanya ili kazi ya ndani isikimbizane na mvua. Yalibaki mambo ya chini. Kwa asiyejua, ndani ya msingi hujazwa kifusi, kinashindiliwa, halafu juu yake humwagwa zege la unene wa sentimita 10 hivi. Zege hilo ndilo jamvi. Sakafu laini tunayoikanyaga huja baadaye juu yake, nyembamba.

Bonde la Kilombero ni tambarare la mafuriko. Mto Lumemo unapofurika, maji hayabishi hodi Ifakara, kwa hiyo anayejenga kwa akili huinua msingi wake. Na msingi ukiinuliwa, kifusi kinakuwa kingi. Kiwanja cha yule mama kilikuwa kinateremka kidogo kuelekea nyuma. Sebule na kibaraza, upande wa barabarani, vilihitaji kifusi cha kina cha sentimita 30 hivi. Vyumba vya nyuma vilihitaji mara mbili yake. Kila upande ulikuwa na eneo la mita 30 za mraba, jumla mita 60. Kumbuka namba hizo mbili tu, nyingine zote zitatoka humo.

Kifusi cha moramu kilikuwa kimemwagwa na watu wengine kabla yetu. Sisi tulikisawazisha. Fundi alitumia mpira wa maji, ule mrija unaoonyesha ndani, kuhamisha alama moja kwenye kuta zote za nyumba. Maji yaliyotulia ndani ya mrija husimama kimo kilekile pande zote mbili, hata kona ikiwa katikati, basi alama ya sebuleni na alama ya chumba cha mwisho zinakuwa sawasawa. Alama tuliiweka mita 1 juu ya uso wa jamvi litakalokuja. Ukishuka mita 1 kutoka kwenye alama, unafika juu ya zege. Ukishuka mita 1 na sentimita 10, unafika juu ya kifusi. Tulisawazisha, tukashindilia, tukapima, ikakaa vizuri. Hiyo ilikuwa Alhamisi.

Usiku wa Ijumaa ilinyesha mvua kubwa. Bati lilikuwepo, lakini milango na madirisha hayakuwepo, na maji yaliingia ndani kwa wingi.

Jumatatu asubuhi kila kitu kilikuwa tayari. Mchanga upo, kokoto zipo, mifuko 28 ya saruji imetolewa stoo, vibarua wanne wamefika na machepe yao. Kifusi ukikitazama kwa macho kilikuwa kilekile, tambarare kama meza. Fundi akatoa kamba.

“Si tulishapima Alhamisi, fundi?” nilimuuliza.

“Alhamisi tulipima kifusi cha Alhamisi,” alisema.

Akakata fimbo yenye urefu wa mita 1 na sentimita 10 kamili. Akavuta kamba kutoka alama ya ukuta huu hadi alama ya ukuta wa pili, mimi nikaambiwa niisimamishe fimbo chini ya kamba, kila hatua moja, na kutaja pengo lililobaki kati ya ncha ya fimbo na kamba. Penye pengo, kifusi kimeshuka. Alichonikataza ni kimoja: nisiulize lile pengo linatakiwa kuwa ngapi. Yeye aliandika kwa penseli juu ya karatasi ya mfuko wa saruji, na wala hakunionyesha mpaka nilipomaliza.

Upande wa mbele nilikuwa nikitaja moja, moja, sifuri, mbili, moja. Tulipoingia vyumba vya nyuma namba zikabadilika. Nne, tano, sita, tano. Wastani wa mbele ulikuja sentimita 1, wa nyuma sentimita 5.

Kilichotokea hakina muujiza. Kifusi hutakiwa kuwekwa kwa matabaka, kila tabaka la sentimita 15 hivi, likamwagiwa maji na kushindiliwa kabla ya tabaka jingine kuja. Ukimimina sentimita 60 kwa mkupuo na kushindilia juu tu, nguvu ya kushindilia haifiki chini. Juu panakuwa pagumu kama barabara, chini pamebaki matundu ya hewa. Hivyo ndivyo walivyofanya waliotutangulia upande wa nyuma. Mvua ikaingia, ikateremsha chembe ndogo kwenye matundu, na kifusi chote kikakaa chini kama mtu aliyechoka. Mbele, palipokuwa na kina kidogo, kilishuka kidogo. Kwa kuwa kilishuka taratibu na kwa upana, jicho halikuona kitu.

Sasa tufanye hesabu aliyoifanya fundi juu ya ile karatasi. Mita 30 za mraba zilizoshuka sentimita 1 zinahitaji kujazwa na mita 0.3 za ujazo. Mita 30 zilizoshuka sentimita 5 zinahitaji mita 1.5 za ujazo. Jumla ni mita 1.8 za ujazo. Kama tungeanza kumwaga asubuhi ile, tundu lote hilo lingejazwa na zege, kwa sababu zege halina macho. Linakwenda linakokuta nafasi, na uso wa juu tungeusawazisha kwa alama za ukutani kama kawaida.

Zege la jamvi tulikuwa tunalichanganya moja kwa tatu kwa sita: mfuko mmoja wa saruji, boksi tatu za mchanga, boksi sita za kokoto. Boksi ni la mbao, sentimita 35 kwa 40 kwa kina cha 25, yaani lita 35, ambazo ndizo ujazo wa mfuko mmoja wa kilo 50. Ukijumlisha utadhani mchanganyiko mmoja unatoa lita 350 za zege. Hautoi. Mchanga unaingia kwenye nafasi zilizo kati ya kokoto, saruji inaingia kwenye nafasi zilizo kati ya chembe za mchanga, na kinachobaki ni lita 230 hivi. Kwa hiyo mita 1 ya ujazo ya zege hilo inakula mifuko 4 na kidogo, na mita 1.8 inakula mifuko 8.

Mifuko minane. Nikichukua bei ya shilingi 17,000 kwa mfuko (weka bei ya mtaani kwako), hiyo ni shilingi 136,000, na bado hujahesabu boksi 24 za mchanga na boksi 48 za kokoto zinazoandamana nayo. Mimi wakati ule nilikuwa nalipwa 10,000 kwa siku. Pale chini ya miguu yangu, katika mteremko ambao jicho halikuuona, palikuwa na karibu wiki mbili za kazi yangu.

Lakini hasara ya fedha si ndiyo iliyonishtua zaidi. Fundi aliendelea na hesabu. Jamvi humwagwa kuanzia nyuma kuja mbele, ili mtu asikanyage alichomwaga. Vyumba vya nyuma, badala ya sentimita 10, vingekula 15. Hiyo ni mita 4.5 za ujazo, karibu mifuko 20. Tungefika sebuleni saa tisa alasiri tukiwa na mifuko 8 mkononi na kazi ya mifuko 14 mbele yetu. Vibarua wanataka kwenda. Zege la nyuma limeshaanza kushika, ukikatisha hapo utaacha mshono kati ya zege la leo na la kesho. Mama mwenye nyumba yuko sokoni, ameshatoa fedha yake yote ya jamvi.

“Hapo ndipo shetani anapokuja na chepe lake,” fundi alisema. “Anakwambia ongeza mchanga.”

Mifuko 8 inaweza kufanywa ifike. Badala ya boksi tatu za mchanga unatia sita, badala ya boksi sita za kokoto unatia kumi na moja, na sebule inajaa. Rangi inafanana. Wiki ijayo sakafu laini itapita juu yake na hakuna atakayeona. Miezi kadhaa baadaye, pale panapokanyagwa zaidi kuliko chumba chochote, sakafu inaanza kupiga sauti ya utupu ukiigonga kwa fimbo, inachanika kama tope la mbuga wakati wa kiangazi, kisha inamomonyoka vumbi kila ukifagia. Mama atasema saruji ya siku hizi ni mbovu. Saruji haina kosa. Iliyo mbovu ni Jumatatu moja asubuhi ambayo watu walikuwa na haraka ya kuanza.

Hapa ndipo nilipoona kwa nini fundi hakupenda neno uzembe. Neno hilo linachukulia kwamba kutopima ni jambo dogo na dogo litabaki. Lakini asiyepima asubuhi anajipeleka mwenyewe mahali ambapo alasiri atalazimika kuchagua kati ya kumwomba mtu fedha asiyokuwa nayo na kumdanganya. Wengi wetu tukiwa tumechoka, tumeloa jasho, na tajiri hayupo, tunajua tutachagua nini. Tunazoea kulitafuta kosa pale mkono ulipoongeza mchanga. Mimi naona kosa lilikuwa limeshafanyika saa nane kabla, pale mkono ulipoacha kuvuta kamba. Mtu mwaminifu si yule tu anayeshinda jaribu. Ni yule pia anayepunguza idadi ya majaribu yatakayomkuta amechoka.

Basi, jibu langu kwa lile swali ni ndiyo, amemdhulumu. Asiyepima mali ya mwenzake hajachukua kitu, ni kweli, ila amejipa ruhusa asiyopewa. Mwenye saruji alimkabidhi mifuko 28 kwa kazi moja, kuwa jamvi la sentimita 10. Kila mfuko unaoingia kwenye tundu lisilotakiwa umetumwa mahali ambapo mwenyewe hakuutuma. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na sisi tunaitumia methali hiyo kumshauri mwenye mali. Lakini mama yule hakuwa na daftari la kupima kifusi, wala hakujua kwamba kifusi hushuka. Daftari lilikuwa mikononi mwa fundi. Anayeshika kipimo cha mwenzake ameshika amana.

Watu wa Ifakara hawahitaji kufundishwa jambo hili kwa msingi wa nyumba. Wanalijua kwa lumbesa. Mkulima wa mpunga anayeona gunia lake likishonewa kilemba juu, likilipwa kama gunia moja, anajua kwamba kipimo ndicho mahali dhuluma inapopenda kukaa, kwa sababu hapo haihitaji kuvunja mlango. Fundi alikuwa mkali vivyo hivyo kwa lile boksi la mbao. Kila boksi la mchanga lilikatwa juu kwa ubao kabla ya kumwagwa. “Sitaki lumbesa hapa,” aliwaambia vibarua, na walicheka, lakini walikata. Boksi lenye kilima juu halidhuru mara moja. Linadhuru likirudiwa mara themanini.

Kuna jambo jingine katika kipimo cha pili ambalo nilichelewa kulielewa. Nilidhani kupima mara mbili ni kurudia. Sivyo. Kama Jumatatu tungechukua tena mpira wa maji na kuhakiki alama za ukutani, tungezikuta sahihi kabisa, tungeridhika, na tungemwaga zege letu juu ya kosa. Kuta hazikushuka. Kipimo cha pili kilifaa kwa sababu kilipita njia nyingine: badala ya alama kiliuliza kifusi, badala ya maji kilitumia kamba na fimbo, na badala ya jicho la fundi kilitumia mdomo wangu mimi nisiyejua jibu. Hilo la mwisho ndilo lenye busara kuliko yote. Anayejua pengo linatakiwa kuwa sifuri, akiona nusu sentimita atasema sifuri, na akiona moja atasema ni kamba imelegea. Macho yanapenda kumfurahisha mwenye macho.

Ifakara ni mji unaofahamika duniani kwa utafiti wa malaria, na katika utafiti wa namna hiyo kipande kimoja cha kioo chenye tone la damu husomwa na watu wawili, kila mmoja bila kujua mwenzake ameandika nini. Wakitofautiana, anaitwa wa tatu. Lugha yetu inatumia neno lilelile, kupima, kwa damu, kwa mchele, kwa kiwanja na kwa kifusi, na nadhani haikukosea. Kotekote kanuni ni moja: shahidi wa pili aliyeambiwa la kusema si shahidi wa pili.

Nisije nikakuza mambo. Kipimo hakijazi tundu. Fundi asingeweza kusema tumegundua, basi tuongeze moramu juu na kuendelea, kwa sababu kilichoshuka sentimita 5 bila kushindiliwa kitashuka tena, na safari hii kitashuka kikiwa na zege juu yake. Zege likibaki linaning'inia juu ya utupu, hata liwe na saruji nyingi kiasi gani, litapasuka. Kwa hiyo siku ile hatukumwaga. Tulimwagia maji vyumba vya nyuma, tukashindilia kutwa, pakashuka sentimita 1 nyingine. Tukaagiza kanta moja ya moramu, shilingi 45,000, tukajaza, tukashindilia, tukapima kwa kamba na fimbo. Vibarua wanne kwa siku ile, 40,000, ambazo fundi alizitoa kwenye malipo yake ya ufundi. Moramu alilipa mama. Ukitoa 85,000 kwenye 136,000, faida ya saruji inabaki 51,000. Ukiongeza kokoto inapanda, lakini si utajiri. Ningedanganya kama ningesema kupima mara mbili kulimtajirisha mtu. Aliyepata ni mama. Fundi alipoteza siku na 40,000.

Wala si kila kitu kinastahili kipimo cha pili. Matofali ya kuchoma hayalingani, yaliyokuwa karibu na moto yamesinyaa zaidi na ya pembeni yamebaki makubwa. Anayepima kila tofali anapoteza siku bure, inatosha kamba iwe imenyooka. Kifusi nacho hakidai milimita. Tulitaja sentimita tu, kwa sababu moramu ina vijiwe vikubwa kuliko nusu sentimita, na kudai usahihi kuliko kitu chenyewe kinavyoweza kutoa ni namna nyingine ya kudanganya. Kanuni niliyoitoa hapo ni hii: kinachoweza kurekebishwa kesho, pima mara moja uendelee. Kisichorudi nyuma, pima tena kwa njia nyingine kabla hujakiruhusu kianze.

Tulimwaga Jumatano. Kila mchanganyiko ulipotoka, nilipiga mstari mmoja wa mkaa ukutani. Tulimaliza na mistari 27, na mfuko mmoja ulibaki umefungwa.

Mama alikuja jioni akitoka sokoni. Aliutazama ule mfuko kwa muda, na uso wake haukuwa wa shukrani.

“Fundi, nilinunua ishirini na nane, mkanambia zote zitakwenda. Huu umebaki vipi? Mmenipunguzia?”

Sikuwa nimeliwaza hilo. Kwa mtu anayetazama kutoka nje, kazi iliyopimwa vizuri na kazi iliyoibiwa zina sura moja: mfuko uliobaki. Mama alikuwa na haki kabisa ya kuuliza. Mtu aliyeuza mchele miaka yote hiyo anajua kwamba kinachobaki mkononi mwa anayepima kina historia.

Fundi hakuapa wala hakukasirika. Alichukua kipande cha nondo nyembamba, akakifunga uzi sentimita 10 kutoka nchani, akampa. “Zege la mlangoni bado bichi, mama. Choma mwenyewe, popote unapofika mkono.” Mama akainama, akachoma mara tatu, kila mara uzi ukagusa uso wa zege. Kisha fundi akamwonyesha mistari ya mkaa, akamwonyesha boksi, akamwambia azidishe: mistari ishirini na saba, boksi tatu za mchanga kila mstari. Mama akatazama lundo la mchanga lililobaki, kama anavyotazama gunia, akatikisa kichwa polepole kwa namna ya mtu anayehesabu.

“Na hii nondo,” alisema, “naweza kubaki nayo? Kuna fundi wa choo anakuja wiki ijayo.”